Keshia Anayetaka Kwenda Mikopo

Barua ya uhamisho tunaijua. Kumbukumbu namba juu, anwani ya mkuu wa mwisho kabisa, chini yake "K.K." ya msimamizi wa karibu, halafu YAH kwa herufi kubwa, na ile sentensi isiyokwepeka ya "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Ina kazi yake, na siku ikifika lazima iandikwe. Ila kuna andiko jingine linaloitangulia, ambalo wengi hawaliandiki kabisa au wakiliandika hulivuruga. Ni ujumbe mfupi wa barua pepe kwenda kwa mkuu wa idara unayotamani kuhamia, ukimuuliza kama anaweza kumpokea mtu kama wewe na ukimweleza utaingia na ujuzi gani.

Tutenganishe kwanza uhamisho wa aina mbili unaochanganywa kila siku. Mtu anayemfuata mwenza wake Mwanza, au anayetaka kuwa karibu na mzazi mgonjwa, anaomba kuhama kituo. Hoja yake ni ya kifamilia, ushahidi wake ni cheti cha ndoa au barua ya daktari, na mlango wake ni rasilimali watu; kwa watumishi wa umma kuna taratibu na mifumo yake maalumu. Anayetaka kutoka idara moja kwenda nyingine ndani ya kampuni ileile anaomba kitu tofauti. Mkuu wa idara ile haulizi nyumbani kwako kuna nini. Anataka kujua kesho asubuhi utamfanyia nini. Ujumbe unaoanza na umbali wa nyumbani au ada za watoto umepotea njia, hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Tuchukue mfano wa benki, kwa sababu huko idara ziko wazi na kazi zake zinapimika. Tuseme kuna keshia katika tawi la Morogoro, mwaka wa nne sasa yuko dirishani, anayetaka kwenda idara ya mikopo awe afisa wa mikopo ya biashara ndogo. Mkuu wa idara hiyo yuko makao makuu Dar es Salaam na hamfahamu. Ujumbe wa kwanza unaomjia mtu kichwani huwa hivi:

"Shikamoo bosi. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mfanyakazi mwenzako wa tawi la Morogoro, nina miaka minne kazini. Naomba unifikirie nafasi katika idara yako kwani mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana na wenzangu. Hapa nilipo sioni tena cha kujifunza na mazingira si rafiki. Niko tayari kwa nafasi yoyote. Ahsante sana na Mungu akubariki."

Ujumbe huu hauna utovu wa adabu. Shida yake ni kwamba mkuu wa idara akimaliza kuusoma hajui lolote ambalo hakulijua kabla hajaufungua. Mchapakazi na mwaminifu ni sifa ambazo kila mwombaji hujipa, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba ni mvivu. "Nafasi yoyote" humtwisha msomaji kazi ya kutafuta wewe unafaa wapi. Na "mazingira si rafiki" humfanya ajiulize ugomvi ni wa nani, kisha anyanyue simu kumpigia meneja wa Morogoro, ambaye hapo ndipo atakaposikia kwa mara ya kwanza kwamba keshia wake anataka kuondoka.

Shikamoo nayo ina mahali pake. Ukikutana naye kwenye ngazi za makao makuu, mpe. Akiwa amekuzidi umri utakuwa umekosea usipompa. Kwenye barua pepe ya kazi, ambayo anaweza kuisambaza kwa msaidizi wake na kwa rasilimali watu, "Habari za kazi" inatosha na haimshushii mtu heshima. Na kama kwenye ofisi yenu mawasiliano ya maandishi huwa ya Kiingereza, fuata desturi ya ofisi. Nitakayoyasema hapa hayabadiliki kwa kubadili lugha.

Sasa turudi kwa keshia wetu na kumuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hajajiuliza: dirishani amejifunza nini ambacho idara ya mikopo inakihitaji na hana budi kukitafuta kwingine?

Jibu la haraka litakuwa "kuhesabu fedha". Hilo ni kweli, ila afisa mikopo hahesabu noti. Kilicho cha thamani zaidi ni kwamba kwa miaka minne keshia huyu amewaona wafanyabiashara wakiingiza na kutoa fedha zao, siku baada ya siku. Wapo wauza mchele na nyanya wa Soko la Chifu Kingalu, wenye maduka ya vipuri, mafundi na mawakala wa fedha za simu. Anajua mambo ambayo hayaonekani vizuri kwenye karatasi.

Mfano ulio wazi ni floti. Wakala wa fedha za simu anaweza kuingiza shilingi 3,000,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 26, taarifa ya akaunti yake itaonyesha kwamba zimeingia 78,000,000 kwa mwezi. Jirani yake muuza mchele naye anaweza kuwa na jumla hiyohiyo ya 78,000,000. Afisa mikopo asiye makini akiangalia jumla tu atawaona ni wafanyabiashara wa ukubwa mmoja. Lakini fedha za wakala kwa sehemu kubwa ni zilezile zinazozunguka: anapokea taslimu kwa wateja, analeta benki, anageuza kuwa floti, kesho anaanza upya. Kinachobaki mfukoni mwake ni kamisheni. Ukimkopesha kwa kuamini kwamba 78,000,000 ni mauzo, utampa mkopo ambao biashara yake haiwezi kuurejesha, na marejesho yakishachelewa zaidi ya siku 90 mkopo huo unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu. Hapo ndipo mkuu wa idara ya mikopo hukosa usingizi.

Keshia huzitofautisha akaunti hizi bila hata kusumbuka. Ya wakala mara nyingi huingia na kutoka siku hiyohiyo, kwa tarakimu za mviringo, na jioni salio huwa dogo. Ya muuza mchele huingia kwa tarakimu zisizo nadhifu, 1,437,500 leo na 862,000 keshokutwa, kisha hutoka kwa mkupuo anapokwenda kununua mzigo, na hubadilika sana mpunga wa Kilombero unapovunwa. Huo ndio ujuzi wa kuutaja. Keshia wetu hakuwa ameuhesabu kama ujuzi kwa sababu kwake ni jambo la kila siku, na hapa ndipo wengi hujipunja: huandika sifa walizozisoma kwenye matangazo ya kazi na kuacha wanachokijua kweli.

Ujuzi huo una mpaka, na ni vizuri keshia aujue kabla hajajisifu. Dirishani anaona fedha zinazopita benki tu. Haoni deni la mfanyabiashara kwa msambazaji wake, haoni mzigo uliooza stoo, wala mikopo aliyochukua taasisi nyingine. Hiyo ya mwisho hutafutwa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji. Afisa mikopo hukusanya yote haya, tena huenda kwenye biashara yenyewe kuona kwa macho. Kwa hiyo keshia asiandike "ninaweza kutathmini mikopo". Aandike kwamba anaweza kutofautisha fedha za mauzo na fedha za floti, maana hilo analiweza, na akiulizwa kwenye simu ataeleza namna anavyofanya.

Kuna kosa moja hapa ambalo linaweza kumfukuzisha mtu kazi. Akitafuta mfano wa kuthibitisha ujuzi wake, keshia anaweza kuandika kwamba mteja fulani alinyimwa mkopo wakati akaunti yake ni nzuri, au kwamba fulani alikopeshwa wakati yeye alijua ni wakala tu. Taarifa za mteja wa benki ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza ulinzi juu yake. Kuficha jina peke yake hakutoshi. "Mama mmoja wa mchele mwenye fuso mbili pale sokoni" anajulikana na mji mzima. Mfano uelezwe kwa aina ya biashara na mwenendo wa fedha, pasipo chochote kinachomwonyesha mtu. Mkuu wa idara ya mikopo akiona keshia anamwaga habari za wateja kwenye barua pepe, hatafika hata kwenye aya ya pili.

Kabla ya kuandika kuna mazungumzo na meneja wa tawi. Najua wapo watakaosema meneja wao atawakwamisha, na wapo mameneja wa namna hiyo. Hata hivyo ndani ya kampuni moja habari hii itamfikia tu, na ikimfikia kupitia kwa mtu mwingine itaonekana umemruka. Mwendee mapema, wakati hakuna foleni, umwambie kwamba unataka kuulizia mikopo, na umweleze jambo linalomhusu yeye: dirisha lako nani atalishika, na uko tayari kumfundisha huyo mtu kwa muda gani. Meneja anayepinga uhamisho mara nyingi anapinga pengo la watu mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka. Kama kweli hasikii, nenda rasilimali watu ukaulize sera ya uhamisho wa ndani inasemaje. Kampuni nyingi huweka muda wa chini wa kukaa kwenye nafasi kabla ya kuhama, na nyingi hazimhamishi mtu mwenye onyo la maandishi ambalo muda wake haujaisha. Afadhali kuyajua hayo kabla ya kuandika kuliko kuambiwa na mkuu wa idara unayemwomba.

Baada ya hapo ujumbe unaweza kuandikwa. Kichwa chake kiwe kinachoeleweka hata kwenye kioo cha simu: "Kuulizia nafasi ya afisa mikopo wa biashara ndogo – keshia, tawi la Morogoro". Kisha:

"Ndugu Mkuu wa Idara,

Habari za kazi. Mimi ni keshia katika tawi la Morogoro, huu ni mwaka wangu wa nne. Ninaulizia kama idara yako hupokea watumishi wa ndani kwa nafasi ya afisa mikopo wa biashara ndogo, mwaka huu au ujao. Meneja wangu wa tawi anafahamu kwamba ninakuandikia.

Kila siku ninahudumia wafanyabiashara wa sokoni na mawakala wa fedha za simu, na kwa kuangalia mwenendo wa akaunti ninaweza kutofautisha fedha za mauzo na fedha za floti. Mwaka jana niliandika maelezo ya ukurasa mmoja juu ya jambo hili, na maafisa mikopo wa tawi letu wanayatumia. Katika miezi 12 iliyopita nimefunga hesabu za siku nikiwa na tofauti mara mbili tu, na zote chanzo chake kilipatikana siku hiyohiyo. Kumbukumbu ziko kwa mkuu wa huduma wa tawi. Pia wateja wanaolalamikia makato ya marejesho huelekezwa kwangu, na ninaweza kuwaeleza ratiba ya mkopo wao hadi wakaelewa.

Sijawahi kuandaa tathmini ya mkopo wala kukagua dhamana. Kwa ruhusa ya meneja nimeanza kufuatana na afisa mikopo kwenye ziara za Jumamosi, nikiwa mtazamaji.

Ningeomba dakika 15 za kuzungumza nawe kwa simu, siku yoyote kati ya tarehe 10 na 18. Kama kuna mtu mwingine anayeshughulikia jambo hili, nitashukuru kuelekezwa kwake."

Chini yake jina, cheo, tawi na namba ya simu ya ndani. Wasifu usiambatishwe bado. Akitaka atauomba, na akiuomba ujue umepiga hatua.

Tuangalie kwa nini maneno yako hivyo. Aya ya kwanza inajibu maswali matatu ambayo mkuu yeyote huwa nayo akiona jina geni: huyu nani, anataka nini, na mkubwa wake anajua? Likikosekana la tatu, yaliyobaki husomwa kwa mashaka. Neno "ninaulizia" limechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu mkuu wa idara hana mamlaka ya kumhamisha mtu peke yake. Lazima rasilimali watu waridhie, na lazima kuwe na nafasi kwenye bajeti ya idara. Ukimwomba akuhamishe, jibu rahisi kwake ni "fuata utaratibu". Ukimuuliza kama hupokea watu wa ndani, umemuuliza kitu anachoweza kukijibu mwenyewe.

Aya ya pili haina sifa hata moja. Kila ujuzi umetajwa kama jambo lililofanyika, na pembeni yake pana mahali pa kwenda kuhakikisha: ukurasa unaotumiwa na maafisa wa tawi, kumbukumbu zilizo kwa mkuu wa huduma. Zile tofauti mbili zimenifurahisha kuliko yote. Wapo watakaoshauri zifichwe. Lakini aliyekaa benki anajua kwamba keshia anayedai hajapata tofauti hata moja mwaka mzima, kwenye tawi lenye foleni, ama ana bahati ya ajabu ama anafukia upungufu kwa fedha za mfukoni, na hilo la pili ni kosa kubwa kuliko upungufu wenyewe. Anayesema mbili na akaonyesha zilivyotatuliwa amesema pia kwamba hafichi, na kwenye mikopo hiyo ndiyo tabia inayotafutwa. Afisa anayeficha mkopo ulioanza kuyumba huuacha ufike siku 90 bila mtu kujua.

Suala la malalamiko limewekwa mwisho kwa sababu ndilo gumu kulithibitisha, lakini halikuachwa. Nusu ya kazi ya afisa mikopo ni kumfuata mtu aliyechelewa kulipa na kuzungumza naye bila kugombana, naye mkuu wa idara atauelewa uhusiano huo bila kuelezwa.

Aya ya tatu, ya mapungufu, watu huiogopa. Ina sentensi mbili tu na inatosha. Mkuu wa idara anajua vizuri kwamba keshia hajawahi kuandaa tathmini. Akikuta umenyamaza atadhani hujui kazi hiyo ina nini ndani yake. Hilo neno "mtazamaji" nalo lina uzito. Benki huyatenganisha majukumu ili mtu anayeshika fedha taslimu asiwe ndiye anayeidhinisha mikopo. Keshia anayejigamba kwamba amekuwa akimsaidia afisa kuingiza maombi kwenye mfumo kwa kutumia nywila ya afisa huyo atakuwa amejiripoti mwenyewe, na rafiki yake pia.

Tarehe nazo si za kubahatisha. Siku za mwanzo wa mwezi idara ya mikopo hushughulika na taarifa za mwezi uliopita, na za mwisho wa mwezi ni za kufukuzia marejesho. Katikati ndipo mtu ana nafasi ya kumsikiliza mgeni. Kwenye idara nyingine kalenda ni tofauti. Mtu wa uhasibu usimwandikie wakati wakaguzi wako mezani kwake.

Majibu huja kwa sura chache. Ukimya wa wiki moja haumaanishi kitu. Baada ya siku kumi za kazi tuma mistari miwili chini ya ujumbe uleule, si mpya, na si kwa WhatsApp usiku. "Zungumza na rasilimali watu" linaweza kuwa la kukufukuza kwa upole au la kukusogeza mbele, na utalijua kwa kuangalia kama amewanakili rasilimali watu kwenye jibu lake. Akiwanakili, amekutambulisha. Jibu la "kwa sasa hatuna nafasi" lifuatwe na swali moja tu: angependa mtu anayetoka dirishani awe amefanya nini kabla nafasi haijapatikana? Atakachojibu ndicho cha kukifanyia kazi.

Na akikubali, ndipo ile barua yenye K.K. na YAH inapoandikwa, safari hii kwenda kwa watu wanaoitarajia. Kabla ya kusaini chochote, keshia aulize mambo mawili. La kwanza ni ngazi ya mshahara: kuhama idara si kupandishwa cheo, na keshia mkongwe anayeanza kama afisa mikopo mpya anaweza kubaki alipo, huku akipoteza posho iliyoambatana na kazi ya dirishani. La pili ni kipindi cha majaribio, na kama akishindwa huko mikopo dirisha lake litakuwa bado lipo au litakuwa limeshachukuliwa. Kwa Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, maelezo ya ajira yanapobadilika, kuyarekebisha kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Simu ya mkuu wa idara inayosema "njoo tu, tutapanga" haijatimiza sharti hilo, hata ikitoka kwa mtu mwenye nia njema. Keshia asubiri karatasi, na wakati akiisubiri aendelee kufunga hesabu zake kila jioni kama kawaida, kwa sababu upungufu unaojitokeza wiki ya mwisho dirishani utamfuata hadi idara mpya.